Ngozi ya Mjamzito: Muwasho Upi Unahitaji Kipimo?

Kabla tumbo la mjamzito halijaanza kuonekana, ngozi yake aghalabu huwa imekwisha kuanza kubadilika. Chuchu na duara linalozizunguka hukolea rangi, madoa ya zamani huzidi weusi, na kuanzia miezi ya kati mstari mweusi hujichora katikati ya tumbo, kutoka juu ya kinena kupita kitovuni, na kwa baadhi ya wanawake kufika hadi chini ya kifua. Chanzo ni homoni za mimba, ambazo huzichochea seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zifanye kazi kuliko kawaida. Njia ya mstari huo ilikuwapo tangu zamani: ngozi iliyo juu ya mshono unaounganisha misuli ya tumbo ya kulia na ya kushoto ndiyo inayokolea, na kwa wanawake wenye ngozi nyeusi hukolea zaidi. Wapo wanaousoma mstari huo kama ramli, wakitabiri mtoto wa kiume au wa kike kwa kuangalia umefika wapi. Haujui lolote kuhusu jinsia ya mtoto. Miezi kadhaa baada ya kujifungua hufifia wenyewe, na hauhitaji dawa.

Madoa ya uso nayo huja kwa njia hiyo hiyo, ila haya huwasumbua wanawake zaidi kwa sababu hayafichiki kwa nguo. Jua huyazidisha, kofia pana, mtandio na mafuta ya kuzuia miale ya jua husaidia. Kinachodhuru hasa ni haraka ya kuyaondoa. Krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa kiholela zimekutwa mara nyingi na zebaki, hidrokwinoni au steroidi kali, na zebaki hupenya kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Doa litakalofifia lenyewe baada ya uzazi halistahili hatari hiyo.

Michirizi ya tumbo, matiti na mapaja hutokea hasa katika miezi mitatu ya mwisho. Ngozi inapovutwa kwa kasi, huku homoni zikiwa zimezilegeza nyuzi zake za ndani, nyuzi hizo hukatika na kuacha mistari ya rangi ya zambarau au kahawia, ambayo baadaye hupauka na kubaki myembamba kama makovu. Mafuta ya nazi, ya karanga au ya shea huifanya ngozi iwe laini na kupunguza ukavu unaowasha, na hilo ni jambo jema. Lakini hakuna mafuta yaliyothibitika kuzuia michirizi. Anayeipata ana urithi wa mama yake kuliko kosa la kusahau kujipaka.

Mabadiliko hayo yote yanaweza kuwasha kidogo. Karibu mjamzito mmoja katika kila wanne huwashwa wakati fulani wa mimba, na wengi wao hawana ugonjwa wowote. Kwa hiyo mhudumu wa kliniki hawezi kumpeleka maabara kila anayejikuna, wala hapaswi kumrudisha nyumbani kila anayejikuna. Swali la kwanza linalowatenganisha ni jepesi: je, kuna vipele?

Jibu lake lahitaji macho na mkono. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Vipele huweza kuwa na rangi ya ngozi yenyewe, ya kahawia au ya zambarau. Mama avue nguo za kutosha, asimame penye mwanga wa dirisha, na mhudumu apitishe vidole juu ya tumbo, mapaja na mikono. Uvimbe mdogo usioonekana kwa jicho huguswa kwa kidole. Aidha, michubuko ya kucha isichukuliwe kuwa ni vipele. Mikwaruzo mirefu iliyonyooka, na mapele yaliyopasuliwa kwa kujikuna, ni matokeo ya muwasho na si chanzo chake. Hapo ndipo wengi hupotea njia.

Vipele vikiwapo, mahali vilipoanzia husema mengi. Vikianza ndani ya michirizi ya tumbo katika wiki za mwisho, hasa kwa mama wa mimba ya kwanza au mwenye mapacha, na vikaacha kitovu bila kukigusa, basi huo ni ule upele wa mimba unaotesa lakini usiomdhuru mtoto. Krimu ya hidrokotisoni na vidonge vya setirizini au lorataidini humpa mama usingizi, na wiki chache baada ya kujifungua upele hutoweka. Kwa kawaida haurudi katika mimba zinazofuata. Vikianza mapema zaidi, kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, kwa mtu mwenye historia ya pumu au ya ukurutu utotoni, ni ngozi yake ya zamani iliyoamshwa na mimba, nayo pia haimdhuru mtoto.

Kinyume chake, vipele vinavyoanzia kitovuni kwenyewe, vikatanuka na kutoa malengelenge yenye maji, vinahitaji daktari wa ngozi bila kuchelewa. Huu ni ugonjwa nadra ambamo kinga ya mwili hushambulia ngozi na kondo la nyuma kwa pamoja; mtoto huweza kuzaliwa njiti au akiwa mdogo kuliko umri wake. Kipimo chake ni kipande kidogo cha ngozi kinachochunguzwa maabara, na tiba yake mara nyingi ni vidonge vya prednisoloni chini ya uangalizi wa karibu.

Upele wa kawaida usisahauliwe pia. Mama anayewashwa usiku, mwenye vipele katikati ya vidole, viwikoni na kiunoni, huku mume na watoto nao wakijikuna, ana wadudu wa upele hadi ithibitike vinginevyo. Krimu ya permethrini ya asilimia 5 ni salama katika mimba: hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni kwenda chini, hulaliwa usiku kucha, na hurudiwa baada ya wiki moja, na nyumba nzima hutibiwa siku hiyo hiyo.

Lakini mama anayewashwa bila kipele hata kimoja ndiye anayestahili kuchunguzwa kwa makini zaidi, na kliniki yenye foleni ndefu humwona kuwa mwenye tatizo dogo kuliko wote, kwa kuwa hana cha kuonyesha.

Katika mimba uko ugonjwa wa ini ambamo nyongo hushindwa kutoka inavyopaswa. Kwa kawaida ini hutengeneza asidi za nyongo na kuzisukuma kwenye mirija inayozipeleka utumbo mwembamba, zikayeyushe mafuta ya chakula. Kwa baadhi ya wanawake waliorithi udhaifu katika njia hizo za kusukuma, homoni za mimba zinapofika kilele, kazi hiyo hupungua. Asidi hubaki ndani ya ini na kufurika katika damu. Ndiyo maana ugonjwa huu huja hasa baada ya wiki ya 28, huwapata zaidi wenye mapacha, na hukaa katika familia: mama, dada, shangazi.

Muwasho wake una tabia zake. Huanzia mara nyingi viganjani na kwenye nyayo, kisha huenea. Huzidi usiku kiasi cha kumnyima mama usingizi. Wapo wanaolala na miguu ndani ya beseni la maji baridi, na wapo wanaojikuna kwa kitana hadi damu itoke. Mkojo unaweza kuwa mweusi kama chai ya rangi na choo kupauka. Macho kuwa ya manjano ni nadra, na yanapotokea mhudumu afikirie kwanza magonjwa mengine ya ini. Vilevile, ukali wa muwasho hauendi sambamba na ukali wa ugonjwa: anayejikuna hadi kulia aweza kuwa na kiwango kidogo cha asidi, na anayelalamika kwa haya aweza kuwa na kikubwa. Kwa sababu hiyo muwasho hauwezi kupimwa kwa kusikiliza tu. Hupimwa kwa damu.

Kwa mama, mateso ni muwasho na kukosa usingizi. Kwa mtoto, asidi hizo huvuka kondo la nyuma. Zinapozidi sana huweza kuvuruga mapigo ya moyo wake na kubana mishipa ya kondo; uchungu huweza kuanza kabla ya wakati, mtoto huweza kunya tumboni, na katika hali mbaya zaidi hufariki ghafla kabla ya kuzaliwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya taarifa za wajawazito zaidi ya 5,000 wenye ugonjwa huu, ulionyesha hatari hiyo imelala wapi. Waliokuwa na kiwango cha juu kabisa kilicho chini ya maikromoli 40 kwa lita walipoteza watoto tumboni kwa asilimia 0.13, wa kati ya 40 na 99 kwa asilimia 0.28, na waliofika 100 au zaidi kwa asilimia 3.44. Makundi mawili ya kwanza hayatofautiani na wajawazito wengine katika nchi hizo. Kundi la tatu ndilo lililobeba msiba. Takwimu hizo kwa sehemu kubwa zimetoka nje ya Afrika, lakini picha yake ni wazi: jina la ugonjwa peke yake halitoshi kumtisha mama wala kumtuliza. Kinachoamua ni namba.

Mfano ufuatao, uliotungwa kwa ajili ya kufundishia, unaonyesha namna namba hiyo inavyotafutwa.

Mama wa miaka 29, mimba ya pili, anafika kituo cha afya akiwa wiki ya 33. Kwa siku kumi amewashwa viganja na nyayo, na duka la dawa limempa vidonge vya klorofeniramini, maarufu kama piritoni. Vimemlaza mchana lakini havikumtuliza usiku. Muuguzi mkunga anamuuliza maswali ambayo kadi ya kliniki haina nafasi yake: Je, mimba ya kwanza iliwasha hivi? Anakumbuka kuwa ndiyo, mwishoni, na alipojifungua muwasho ukaisha. Mama yake mzazi naye alizungumzia jambo kama hilo. Je, mkojo umebadilika? Anadhani umekuwa mweusi kidogo. Je, mtoto anacheza? Anacheza kama kawaida.

Anakaguliwa penye mwanga. Hana vipele, ana mikwaruzo tu ya kucha kwenye miguu na tumbo. Katikati ya vidole hakuna kitu, na nyumbani hakuna mwingine anayejikuna. Shinikizo la damu ni 112/70 na mkojo hauna protini, kwa hiyo hakuna dalili ya kifafa cha mimba, ambacho nacho huweza kuligusa ini. Kadi inaonyesha kwamba vipimo vya Virusi vya Ukimwi, kaswende na homa ya ini B vilikuwa hasi. Kituo hakina kipimo cha ini. Hapo muuguzi anaandika rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na katika sababu haandiki «aleji», anaandika: «muwasho wa viganja na nyayo bila vipele, wiki 33, naomba vipimo vya ini na asidi za nyongo.» Maneno hayo machache ndiyo yatakayomwongoza daktari asiyemjua mama huyu.

Hospitalini majibu ya kwanza yanatoka siku hiyo hiyo. Kimeng'enya cha ini kinachoandikwa ALT kwenye fomu ni 96. Bilirubini ni ya kawaida. Kingine, ALP, kimewekewa alama ya kuzidi, na mfamasia aliyepita anakitaja kuwa ndicho tatizo. Sicho. Kondo la nyuma hutengeneza ALP yake lenyewe, hivyo katika miezi ya mwisho kimeng'enya hicho hupanda kwa kila mjamzito na hakisemi lolote kuhusu ini. ALT, kwa upande mwingine, haipandi kwa sababu ya mimba. Hushuka kidogo, kiasi kwamba kikomo chake cha juu ni takriban 30, hata kama fomu ya maabara, iliyoandikwa kwa ajili ya watu wote, inaruhusu zaidi. Matokeo ya 38 yanayopita bila alama kwenye fomu yanaweza kuwa si ya kawaida kwa mjamzito anayewashwa.

Kipimo cha asidi za nyongo aghalabu hakipo wilayani. Damu hupelekwa maabara ya rufaa. Hakuna haja ya kumfungisha mama. Kwa damu iliyochukuliwa bila kufunga, mwongozo wa mwaka 2022 wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Uzazi na Magonjwa ya Wanawake cha Uingereza unaweka mpaka kwenye 19: ikifika hapo au zaidi, pamoja na muwasho usio na vipele, ugonjwa upo. Kutoka 19 hadi 39 ni hafifu, 40 hadi 99 ni wa wastani, 100 na zaidi ni mkali.

Jibu la mama huyu ni 31. Ugonjwa upo, nao ni hafifu. Lakini ni wiki ya 33 tu, na asidi huweza kupanda kadiri mimba inavyokomaa, hivyo kipimo kinarudiwa. Wiki ya 34 kinasoma 58. Wiki ya 35, 64. Wiki ya 36, 61. Kiwango cha juu kabisa, 64, ndicho kinachotumika kupanga, si cha mwisho kilichoshuka. Yuko katika kundi la wastani, na mpango ni kumwanzishia uchungu kati ya wiki ya 38 na ya 39. Lau kingefika 100, wiki hizo zingekuwa 35 hadi 36, katika hospitali yenye uwezo wa kulea mtoto njiti. Lau kingebaki chini ya 40, angeweza kungoja hadi wiki ya 40.

Mama huyu angeweza pia kupata jibu la 12. Hapo kosa lingekuwa kumwambia kwamba hana kitu na kumwacha. Muwasho unaweza kutangulia kupanda kwa asidi kwa wiki kadhaa. Ukiendelea, kipimo hurudiwa baada ya wiki moja au mbili. Na pale ambapo kipimo cha asidi hakipatikani kabisa? ALT iliyopanda, bila homa ya ini, bila dalili za kifafa cha mimba, kwa mama anayewashwa bila vipele, inatosha kumpa rufaa ya juu zaidi. ALT ya kawaida haitoshi kumwondolea shaka, kwa kuwa asidi huweza kupanda peke yake.

Kuhusu dawa, ukweli usifichwe. Asidi ya ursodeoksikoliki imetumiwa kwa miaka mingi kwa matumaini ya kumlinda mtoto. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa wanawake 605, nao uliochapishwa mwaka 2019, uliwalinganisha waliomeza dawa hiyo na waliomeza vidonge visivyo na dawa. Haikupunguza vifo vya watoto wala kuzaliwa njiti, na muwasho ilipunguza kidogo mno. Familia isiuze mbuzi kwa ajili yake. Losheni yenye mentholi, maji ya ubaridi, nguo za pamba, kucha fupi na kidonge cha usiku kinachosaidia usingizi ndivyo vinavyompitisha mama wiki zilizobaki. Ikiwa choo kimepauka sana, daktari anaweza kuongeza vitamini K, kwa kuwa bila nyongo mwili hushindwa kuifyonza na damu huchelewa kuganda.

Mashine ya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto nayo haitoi hakikisho linalotarajiwa. Chati nzuri ya leo inaeleza hali ya mtoto leo. Katika ugonjwa huu haitabiri ya kesho, kwa sababu kifo, kinapotokea, huja ghafla kwa mtoto aliyekuwa akikua vema. Hata hivyo, mama anayehisi mtoto amepunguza kucheza aende hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Hali kadhalika akipata macho ya manjano, kutapika kusikokoma, maumivu chini ya mbavu za kulia, kichwa kikali au kuchanganyikiwa: hizo ni dalili za magonjwa mengine ya ini katika mimba yasiyoweza kungoja tarehe ya kliniki.

Baada ya kujifungua muwasho huondoka, mara nyingi ndani ya siku chache. Vipimo vya ini hurudiwa katika hudhurio la wiki ya sita. Kama ALT bado iko juu au muwasho umebaki, ugonjwa haukuwa wa mimba pekee na ini lichunguzwe upya. Kunyonyesha hakuna kizuizi. Kwenye kadi yake yaandikwe wazi jina la ugonjwa, kiwango cha juu kilichofikiwa na wiki aliyojifungulia, kwani uwezekano wa kurudi katika mimba ijayo ni mkubwa, na mhudumu atakayempokea huenda akawa mwingine. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huweza kuurudisha muwasho huo bila mimba. Mama aliyewahi kuugua amweleze mhudumu kabla ya kuchagua njia, na apewe kwanza nafasi ya njia isiyo na homoni hiyo.